Milioni 30 za mwanahisa: mkopo au hisa?

"Kampuni yetu ya kusaga na kufungasha unga hapa Morogoro ina wanahisa watatu. Tunadai shule na maduka milioni 42, lakini hela ya kununulia mahindi hatuna na msimu haungoji. Mwenzetu mwenye asilimia 40 yuko tayari kutoa milioni 30 wiki hii. Iwe mkopo au aongezewe hisa?"

Ningeanza na yale madeni ya milioni 42. Kaeni na orodha mkononi: nani anadaiwa, tangu lini, na mara ya mwisho alilipa lini. Kama shule hulipa kila muhula unapofunguliwa, mnachokosa ni muda tu, na mkopo unatosha. Kama nusu ya orodha ni maduka yaliyokwishafungwa, au mwaka jana mwezi kama huu mliomba hela kama hii na haikurudi, basi biashara inakula mtaji. Mkopo hapo utaiva kabla kampuni haijapata cha kulipa.

Kwa haraka, mkopo hauna mpinzani. Wakurugenzi wanakaa, wanaandika azimio, mkataba unasainiwa, hela inaingia benki siku hiyo hiyo. Mkopeshaji akiwa ni mkurugenzi pia, atamke maslahi yake kikaoni na wenzake wawili ndio wasaini kwa niaba ya kampuni. Hisa zina mlolongo wake: mtaji ulioidhinishwa, yaani kikomo cha hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa, unatosha? Katiba ya kampuni inawapa wanahisa wengine haki ya kwanza ya kununua? Kisha kuna taarifa ya ugawaji wa hisa ya kupeleka kwa msajili wa kampuni, BRELA.

Lakini ugumu mkubwa wa hisa uko kwenye bei, na hapa ndipo watu hugombana. Tuseme kampuni ilisajiliwa kwa hisa 10,000 za shilingi 1,000, mwenzenu akiwa na 4,000 na ninyi 3,000 kila mmoja. Mkimuuzia kwa bei ileile ya usajili, milioni 30 zinampa hisa 30,000. Atakuwa na 34,000 kati ya 40,000, yaani asilimia 85, nanyi mtabaki na saba na nusu kila mmoja. Kwa asilimia 85 anapitisha hata azimio maalumu linalotaka robo tatu ya kura. Nimeona kampuni zikifanya hivi bila kujua, kwa sababu tu fomu ya zamani ilikuwa na namba 1,000.

Sasa mkikubaliana kwamba kampuni leo ina thamani ya milioni 90, hisa moja ni 9,000. Atapata kama hisa 3,333 na kufikia asilimia 55. Bei hiyo haimwonei mtu, ila usukani umehama: maazimio ya kawaida atayapitisha peke yake. Kujadili thamani ya kampuni na mtu anayewaokoa, huku mahindi yanapanda bei, ni kukaa mezani mkiwa hamna pa kusimamia.

Upande wake naye ana la kuhofia. Hela ya hisa haitoki kirahisi. Kupunguza mtaji kunahitaji azimio maalumu na idhini ya mahakama. Kampuni ikifilisika, wenye hisa hulipwa mwisho kabisa, ilhali kwa mkopo angesimama na wadai wengine wasio na dhamana.

Kodi nayo inaegemea mkopo kidogo. Riba ya asilimia 15 kwa mwaka ni milioni 4.5. Kampuni inakata asilimia 10, yaani 450,000, na kuipeleka TRA, na riba hupunguza faida inayotozwa asilimia 30. Gawio hutoka kwenye faida iliyokwishalipiwa kodi. Ila kama hakuna faida mwaka huu, nafuu hiyo haionekani sasa.

Pale mkopo unapoumiza ni benki. Mkienda kuomba fedha za mashine mpya, afisa mikopo ataona mtaji wa milioni 10 na deni la milioni 30 kwa mwanahisa. Mara nyingi atataka mwenzenu asaini kwamba hatalipwa mpaka benki ilipwe. Mwenzenu alielewe hilo kabla hajatoa hela, si baadaye.

Kwa hali mliyoieleza, nachagua mkopo wa miezi sita wenye kifungu cha kugeuza: kitakachobaki bila kulipwa kigeuke hisa kwa shilingi 9,000, bei iliyoandikwa leo, wakati bado mnasalimiana vizuri. Hakikisheni mtaji ulioidhinishwa una nafasi ya hisa hizo, na kwamba ninyi wawili mna siku 30 za kununua sehemu yenu kwa bei hiyo hiyo kabla hazijagawiwa.

Hela ipite benki, na maelezo ya muamala yasomeke "mkopo wa mwanahisa". Milioni 30 zikiingia bila karatasi, mkaguzi wa kodi anaweza kuzihesabu kuwa mauzo, na maneno ya "alitusaidia tu" hayana risiti.