"Inshaallah" si jibu la ofa ya kazi

Miaka mingi nimekaa upande wa pili wa meza, katika ofisi za utumishi za hoteli hapa Unguja. Katika muda wote huo nimepokea maombi ya kazi yaliyojaa makabati, lakini barua za kukataa kazi nazihesabu kwa vidole. Si kwamba watu hawakatai. Wanakataa sana, tena kila msimu, ila wanakataa kwa Kizanzibari: unampigia mtu, anakwambia "inshaallah Jumatatu nitakuja," na Jumatatu simu haipokelewi. Yeye anaona kakukataa kwa adabu kwa sababu hakukwambia "sitaki" usoni. Wewe umeshamwekea kitanda katika nyumba ya wafanyakazi.

Tabia hii inaumiza zaidi mwezi wa Mei. Masika ndiyo yanamalizika, hoteli zilizofunga zinajiandaa kufungua Juni, na kutoka Nungwi mpaka Jambiani kila mtu anamtafuta yule yule mpokea wageni mwenye lugha mbili tatu. Ofisi ina jina la kwanza na jina la pili. Siku tano za kumsubiri wa kwanza zinatosha wa pili kusaini kwengine. Kwa hiyo kinachomkera meneja ni hizo siku tano. Kukataliwa kwenyewe amekuzoea.

Mwaka huu jambo hili lilinifikia nyumbani. Mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, aliletewa ofa ya kuwa msimamizi wa zamu katika hoteli ya Nungwi. Barua ilifika Jumatano, jibu linatakiwa Jumapili. Mshahara mzuri, cheo kizuri. Tatizo ni kwamba anasoma diploma ya uhasibu jioni, mjini, na mtihani wa mwisho ni Novemba. Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka mjini, na gari ya 116 inasimama kila kituo. Ukitoka zamu saa kumi, darasa la saa kumi na moja unalisikia kwa wenzako.

Akaniletea rasimu yake. "Ami, hebu itazame."

Ilisema hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nasikitika kukujulisha kuwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu sitaweza kujiunga nanyi. Naomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Naamini ipo siku tutafanya kazi pamoja inshaallah."

Kosa la lugha hakuna. Ndiyo barua tuliyofundishwa skuli, na inafaa hata kwa kuomba ruhusa ya kwenda mazishini. Lakini isome kama meneja. "Sababu zilizo nje ya uwezo wangu" ni sababu gani? Amepata pesa zaidi kwengine? Mume kakataa? Kasikia habari mbaya za hoteli yetu? Msomaji akiachiwa tundu atalijaza mwenyewe, na hatojaza kitu cha kukupendeza. Halafu hiyo "ipo siku" haishikiki. Meneja hawezi kuiandika popote.

Nikamuuliza kwanza kama tatizo ni masomo kweli, au kuna mshahara ndani yake. Swali hili lazima mtu ajiulize kabla ya kuandika. Kama kinachokuzuia ni pesa, au nyumba, au siku za mapumziko, basi bado hujafika kwenye kukataa. Piga simu useme unachotaka, usikie. Barua ya kukataa inayotumwa kwa matumaini kwamba wataongeza mshahara ni kamari, na ofisi nyingi zikishaipokea zinageukia jina la pili siku hiyo hiyo. Akanijibu kwamba pesa imemridhisha, ni masomo tu.

Basi sababu iwe masomo, na isemwe. Moja, ya kweli, kwa sentensi moja au mbili. Wengine hudhani sababu ya ugonjwa ndiyo yenye heshima zaidi, wakamuuguza mama asiyeumwa. Kisiwa chenyewe hiki! Huyo meneja ana shemeji Mwera, na shemeji anasali msikiti mmoja na baba yako. Vilevile kama umepata kwengine, sema umekubali nafasi nyengine, inatosha. Jina la hoteli na kiwango cha mshahara havimhusu.

Nikamwambia apige simu asubuhi ya Alhamisi, barua ifuate siku hiyo hiyo. Simu ni ya heshima na ya haraka, inampa meneja nafasi ya kumtafuta wa pili. Barua ni ya faili. Mameneja wa hoteli zetu wanahama kama ndege, na atakayekaa kile kiti mwakani hatokumbuka simu yako, ila faili atalikuta. Ujumbe wa sauti wa Watsapu hauingii kwenye faili.

Aliyoituma mwisho ni hii:

"YAH: OFA YA KAZI YA MSIMAMIZI WA ZAMU, MAPOKEZI

Ahsante kwa ofa niliyoipokea Jumatano, na kwa muda mlionipa siku ya usaili, hasa kunitembeza mapokezini na kunieleza namna zamu zinavyopangwa.

Kama nilivyoeleza kwa simu leo asubuhi, sitaweza kuikubali nafasi hii kwa sasa. Ninasoma diploma ya uhasibu mjini nyakati za jioni hadi Novemba, na zamu za Nungwi haziwezi kwenda pamoja na masomo hayo.

Kazi yenyewe nimeipenda. Kuanzia Disemba nitakuwa huru kuhamia Nungwi, na nitafurahi kufikiriwa ikiwa mtahitaji mtu wa mapokezi au wa hesabu. Nikiruhusiwa, nitawasiliana nanyi Oktoba kujua hali ilivyo.

Nawatakia msimu mwema."

Tazama ule mlango ulivyoachwa wazi. Una mwezi, una aina ya kazi, na una mtu atakayeanza kupiga simu, ambaye ni yeye. Disemba ina maana kwa hoteli, maana wageni wa Krismasi na mwaka mpya wanahitaji mikono. Wala hakuahidi kwamba atakuja, amesema atafurahi kufikiriwa. Nilimkatalia sentensi moja tu, aliyotaka kusema kwamba hoteli yake ya sasa inamlipa kidogo. Anayemsema mwajiri wa leo mbele ya mwajiri wa kesho, wa kesho naye anajiona hapo.

Ila haya yote ni kwa aliyekuwa hajasaini. Ukishasaini mkataba, barua ya namna hii haikufai tena. Hapo unasoma kifungu cha kuvunja mkataba na muda wa notisi, na unazungumza kwa lugha nyengine kabisa.

Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Meneja alishukuru, akasema Oktoba amkumbushe, kisha akauliza: je, anamjua mtu mwengine wa mapokezi anayeweza Kitaliano? Anamjua, walisoma pamoja. Hakutoa nambari hapo hapo. Alimpigia kwanza mwenzake kumuuliza kama yuko tayari, naye akasema, "Inshaallah."

"Inshaallah ya ndiyo au ya hapana?" akamuuliza.