Chemba Si Ndoo ya Zege

Juma lililopita chemba ya majitaka ya nyumba yangu ilifunuliwa kwa mara ya tatu mwaka huu, na kwa mara ya tatu fundi akanieleza kwamba familia yangu inatumia karatasi nyingi. Safari hii niliinama nikatazama mwenyewe. Sakafu ilikuwa tambarare kama ya sebule, bomba la choo kipya lilikuwa limeingia likikabili ukuta wa pili, na karatasi zinazolaumiwa zilikuwa zimelala kwenye pembe ambako maji hayafiki mpaka chemba ifurike.

Umbali sina ugomvi nao. Kila kona ina chemba, na hakuna kipande kilichonyooka kinachokaribia mita 45, ukomo unaotumiwa sana baina ya chemba ndogo mbili. Hapo mjenzi nampa haki yake, japo kwa shingo upande.

Ugomvi wangu ni wa mabega, yaani saruji inayojazwa pande mbili za mfereji unaopitisha maji sakafuni mwa chemba. Bomba letu lina kipenyo cha milimita 100, hivyo mfereji wake wa nusu duara una kina cha milimita 50. Bega halipaswi kuanza kulala pale mfereji unapoishia; lapaswa kwanza kusimama wima milimita 50 nyingine, hadi usawa wa juu ya bomba, ndipo lipande taratibu kuelekea ukutani kwa mteremko wa 1 kwa 12. Katika chemba yenye upana wa milimita 600, kila bega lina upana wa milimita 250, kwa hiyo linapanda takribani milimita 21 tu. Likilala zaidi, uchafu haurudi mferejini; likisimama zaidi, anayezibua hana pa kukanyaga. Ukuta huo mfupi ukirukwa, kila mara maji yanapozidi nusu ya bomba hutambaa juu ya saruji, na yakipungua huacha mzigo wake hapo hapo.

Bomba la tawi nalo huingia likifuata mkondo, kwa pembe isiyozidi nyuzi 45, na kumwaga juu ya ukingo wa mfereji ili maji ya bomba kuu yasilirudie. Likija kwa pembe kubwa zaidi, hugeuzwa ndani ya chemba kwa mfereji uliopinda, ambao ukuta wake wa nje umepanda juu kuliko wa ndani.

Nilimwomba fundi asimame juu ya chemba, kisha nikamwaga ndoo nzima chooni. Maji yaligonga ukuta wa pili, yakapanda, yakaanguka, na sehemu yake ikakimbia kinyume, kurudi jikoni. (Karatasi, ninaona, hazikuwamo.) Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akaomba nyundo na patasi. Jioni, mfereji mpya ulipokuwa umekaa, aliniuliza kama kulikuwa na haja ya kulainisha mabega. Nilimpa mwiko wa chuma.