Thamani "pekee", mbona ziko mbili?

"Mwalimu, kama ni thamani pekee, mbona tumepata mbili?"

Aliuliza hivyo mwanafunzi wa mwaka wa pili, Jumamosi moja hapa Kisumu, tukipitia mazoezi ya matriki hii:

```
A = [ 4  1 ]
    [ 2  3 ]
```

Kosa halikuwa lake, lilikuwa la jina. Kwa "eigenvalue" ya Kiingereza, wengine hutafsiri "thamani pekee", wengine hukopa na kusema "thamani aigeni". Wanaotetea "thamani pekee" wana hoja. Neno la Kijerumani tulilolipokea kama "aigeni" maana yake ni "-a mwenyewe", neno la kawaida kabisa kwao, na mwanafunzi wetu akilisikia hudhani ni jina la mtu, kama Gausi.

Lakini tazama A yenyewe. Ukiizidisha na (1, 1) unapata (5, 5), vekta ileile mara 5. Ukiizidisha na (1, −2) unapata (2, −4), yaani mara 2. Basi 5 na 2 ndizo thamani aigeni, na hizo vekta mbili ni vekta aigeni zake. Hata (2, 2) na (−3, −3) ni vekta aigeni za 5. Kisichobadilika ni mstari ambao vekta hizo zinaulalia, na juu ya mstari huo vekta hazina idadi (sifuri tu ndiyo haihesabiwi). "Pekee" linapotosha kwenye thamani na kwenye vekta pia. Nachagua aigeni, hasa kwa kuwa mtihani huja kwa Kiingereza na mwanafunzi atalitambua neno hapo.

Kwa "characteristic polynomial", naelemea upande wa pili, wa kutafsiri: "polinomia bainifu".

```
det(A − λI) = λ² − 7λ + 10 = (λ − 5)(λ − 2)
```

Mizizi yake ndiyo thamani aigeni, kwa hiyo inabainisha kitu kweli. Haibainishi matriki yenyewe, lakini. Linganisha hizi:

```
B = [ 3  1 ]     C = [ 3  0 ]
    [ 0  3 ]         [ 0  3 ]
```

Zote mbili zina (λ − 3)². Jina limeahidi kuliko linavyotoa, ila la Kiingereza nalo lina dosari hiyohiyo, kwa hiyo hatupotezi kitu.

Tofauti ya B na C huonekana kwenye ushazarishaji, yaani kuigeuza matriki ibaki na namba kwenye mshazari tu. Wengine husema "kulaza", neno ambalo kwangu ni la mgonjwa na kitanda. Kwa A, panga vekta aigeni kuwa safu wima za P:

```
P = [ 1  1 ]     P⁻¹AP = [ 5  0 ]
    [ 1 -2 ]             [ 0  2 ]
```

Ukibadilishana safu za P, 5 na 2 nazo hubadilishana nafasi. Wengi hukosea hapo. C tayari ni ya mshazari. B haishazariki: vekta zake aigeni zote ziko kwenye mstari mmoja, ule wa (1, 0), hivyo P haipati safu ya pili iliyo huru. Yule mwanafunzi alipofika kwa B aliinua kalamu: "Hii sasa ndiyo yenye thamani pekee." Sikuwa na la kumjibu.