Kutoka Sindano ya Dira hadi Dainamo: Maabara au Karakana?

"Kama Faraday aliona mwaka 1831 kwamba sumaku huzaa umeme, mbona viwanda vilikaa karibu miaka 40 bila mota ya kufaa?"

Wapo wanaolijibu swali hili kwa kushikilia kwamba jambo la msingi lilikwisha maabarani na yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono tu. Hoja yao si nyepesi. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Kopenhagen alionyesha kwamba waya unaopitisha mkondo huigeuza sindano ya dira. Mwaka uliofuata Michael Faraday, huko London, alining'iniza waya hadi ncha yake ikagusa zebaki iliyokuwa na sumaku iliyosimama wima katikati, na waya ule ukaizunguka sumaku muda wote betri ilipokuwa imeunganishwa. Hiyo tayari ni mota, ingawa haikuweza kuvuta hata uzi.

Upande wa pili wa jambo, yaani kupata mkondo kutokana na sumaku, uliwasumbua wengi kwa sababu walitarajia sumaku iliyotulia itoe mkondo uliotulia. Mwaka 1825 Jean-Daniel Colladon wa Geneva aliunganisha koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na galvanomita, kipimo cha mkondo chenye sindano, kisha akaiweka galvanomita chumba kingine ili sumaku yake isije ikaivuta sindano. Alipoingiza sumaku katika koili na kwenda kutazama, sindano ilikuwa kwenye sifuri. Mkondo ulikuwa umepita na kutoweka wakati yeye anatembea, na tahadhari yake njema ndiyo iliyomnyima ugunduzi.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alizungushia koili mbili kwenye pete ya chuma yenye upana wa inchi 6 hivi. Alipoiunganisha moja na betri, sindano iliyokuwa karibu na waya wa koili ya pili ilishtuka kisha ikarudi mahali pake. Alipoikata betri, ikashtuka tena kuelekea upande wa pili. Kumbe kinachozaa mkondo ni badiliko la usumaku, wala si kuwepo kwake. Mwezi Oktoba alizungusha diski ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa na kupata mkondo usiokatika, na hapo kanuni ya jenereta ikawa imekamilika.

Wanaopinga wanasema kanuni si mashine, nami naona wana haki zaidi kwa upande wa dainamo, yaani jenereta, kuliko wa mota. Mwaka 1838 Moritz Jacobi aliendesha mashua kwa mota ya umeme katika mto Neva, Sankt Petersburg, ikiwa na abiria zaidi ya 10. Mota ilifanya kazi, ila betri zake zilikula zinki, na James Joule alipopiga hesabu miaka michache baadaye alikuta kwamba ratili moja ya zinki hutoa kazi ndogo kuliko ratili ya makaa ya mawe, ilhali bei yake ni kubwa zaidi. Hapo hakuna ustadi wa kuunda mota ambao ungeifanya ishindane na injini ya mvuke. Ilikosa chanzo cha mkondo cha bei nafuu.

Kwa nini basi jenereta za mwanzo hazikuziba pengo hilo? Hippolyte Pixii alitengeneza ya kwanza ya kuzungushwa kwa mkono mwaka 1832, lakini yeye na waliomfuata walitegemea sumaku za kudumu, ambazo zilikuwa nzito na dhaifu. Ufumbuzi ulipatikana miaka ya 1866 na 1867, Werner Siemens wa Berlin akiwa miongoni mwa walioufikia: tumia sumakuumeme, yaani chuma kilichozungushiwa koili yenye mkondo, na uilishe kwa mkondo wa mashine yenyewe. Chuma kilichowahi kuzungukwa na mkondo wa koili hubaki na usumaku kidogo. Mashine ikianza kuzunguka, usumaku huo huzaa mkondo mdogo, mkondo huo huiongezea sumaku nguvu, nayo sumaku huuongeza mkondo, hadi chuma kishibe usumaku.

Udhaifu wa mpango huu mafundi wa dainamo za magari ya zamani waliujua vizuri. Usumaku mabaki ukipotea, au koili ya sumaku ikiunganishwa kinyume, dainamo huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida na voltimita hupanda kidogo sana; dawa ya usumaku uliopotea ni kuigusisha koili ile na betri kwa muda mfupi, ukichunga chanya na hasi.

Je, hatua hii ni ya maabara au ya karakana? Mimi naiweka karakanani, kwa kuwa haikuongeza kanuni yoyote kwa zile za 1820 na 1831. Ilizipanga tu zizungukiane. Hata hivyo ndiyo iliyoifungua njia ya mota. Katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873, dainamo moja ya Zénobe Gramme ilizungushwa kwa injini, na mkondo wake ukapelekwa kwa waya mrefu hadi mashine ya pili ya aina ileile, ambayo ilianza kuzunguka na kuendesha pampu ya maji.