Mashine ya miaka 3 au ya miaka 5? Malipo sawa ya kila mwaka na mipaka yake

Tuchukue mashine mbili za kazi moja. Ya kwanza inauzwa milioni 30, inadumu miaka 3, na kila mwaka inaingiza milioni 15 baada ya kutoa gharama za kuiendesha. Ya pili inauzwa milioni 50, inadumu miaka 5 na inaingiza milioni 15.8 kwa mwaka. Gharama ya mtaji, yaani kiwango kinachotumika kupunguza fedha za baadaye ziwe thamani ya leo, ni asilimia 10 kwa mwaka. Ukirudisha mapato yote kwenye thamani ya leo kisha ukatoa bei ya kununulia, ya kwanza inabakiza milioni 7.3 na ya pili milioni 9.9. Wengi huishia hapo, wakanunua ya pili.

Lakini zile milioni 9.9 zimechumwa kwa miaka 5, na zile 7.3 kwa miaka 3 tu. Mwenye mashine ya kwanza anaweza kununua nyingine mwaka wa 3 unapokwisha, na faida ya hiyo nyingine haimo katika hesabu. Mbinu ya malipo sawa ya kila mwaka inaziba pengo hilo kwa kuuliza: faida hii ingekuwa inalipwa kwa mafungu yaliyo sawa kila mwaka wa uhai wa mashine, kila fungu lingekuwa kiasi gani? Unagawanya faida ya leo kwa jumla ya thamani za leo za shilingi moja inayolipwa kila mwaka. Kwa asilimia 10, jumla hiyo ni 2.487 kwa miaka 3 na 3.791 kwa miaka 5. Mashine ya kwanza inatoa milioni 2.94 kwa mwaka, ya pili milioni 2.61. Ushindi umehamia kwa mashine ya kwanza.

Asiyeamini anaweza kuipima kwa njia ndefu. Katika miaka 15, mashine ya kwanza itanunuliwa mara 5 na ya pili mara 3, kisha zote zinamaliza pamoja. Kwa thamani ya leo, mfululizo wa kwanza unaleta milioni 22.3 na wa pili milioni 19.9. Kwa hiyo mbinu hii ni ya haki, na kwa kazi isiyo na mwisho unaoonekana ningeitumia kabla ya nyingine yoyote.

Hata hivyo, inabeba sharti zito: kwamba kila mashine itafuatwa na nyingine ya bei ileile na mapato yaleyale. Hapo ndipo mfumuko wa bei unapoharibu hesabu kimyakimya. Tuseme ile asilimia 10 ni riba ya benki, na ndani yake mna mfumuko wa asilimia 6, huku bei na mapato yetu yameandikwa kwa bei za leo. Tumepunguza fedha za bei za leo kwa kiwango cha fedha zinazopoteza thamani, na hivyo viwili havichanganywi. Kiwango kinachofaa ni 1.10 kugawanya kwa 1.06, kasoro 1, yaani takriban asilimia 3.8. Ukirudia hesabu kwa kiwango hicho, mashine ya kwanza inatoa milioni 4.24 kwa mwaka na ya pili milioni 4.64. Jibu limegeuka tena, ingawa mashine ni zilezile. Kiwango kikubwa kupita kiasi huionea mashine ya muda mrefu, kwa sababu mapato yake ya mbali ndiyo yanayokatwa zaidi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa la kuogopwa kuliko yote, maana karatasi ya hesabu haionyeshi dalili yoyote kwamba lipo. Kabla ya kulinganisha chochote, uliza kama kiwango na mapato vyote vina mfumuko ndani yake, au vyote havina.

Sharti lingine ni muda wa kazi yenyewe. Chukulia sasa hakuna mfumuko, kiwango ni asilimia 10 kamili, na mkataba ni wa miaka 5 tu. Mashine ya kwanza italazimu inunuliwe mara ya pili kisha itumike miaka 2. Bila kuiuza, njia hiyo inaleta milioni 4.3 kwa thamani ya leo, dhidi ya milioni 9.9 za mashine ya pili. Ili zilingane, hiyo iliyotumika miaka 2 iuzike kwa karibu milioni 9 mwaka wa 5. Mkataba ukiwa wa miaka 3, swali linahamia kwa mashine ya pili: itabidi iuzike kwa karibu milioni 24, ikiwa imebakiza miaka 2 ya kazi. Katika hali hizi mbili ningeacha kabisa mafungu ya mwaka, nikapanga fedha za mkataba wote mwaka kwa mwaka, kisha nikatafuta bei za mashine zilizokwisha tumika.