Mtu wa Tatu

Filamu yangu fupi ilikuwa na watu wawili tu: mume na mke, mezani, wanagombana. Nikamwonyesha shangazi. Dakika ya kwanza haijaisha, akauliza, "Hawa wanamgombeza nani?"

"Wanagombana wenyewe, shangazi."

"Mbona wote wanatazama kushoto? Huyo wa tatu anaingia lini?"

Nikarudi kwenye picha na aibu yangu. Siku ya kwanza nilirekodi picha pana na uso wa mke, kamera ikiwa upande wa dirisha. Mume yuko kushoto anatazama kulia, mke yuko kulia anatazama kushoto. Safi. Siku ya pili nikarekodi uso wa mume, ila kwa kukimbia jua nikahamisha kamera upande wa pili wa meza. Nilikuwa nimevuka ule mstari wa kufikirika unaotoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake, na ukiuvuka, macho yanageuka. Mume naye akawa anatazama kushoto, kama kwamba wote wawili wanamsema jirani.

Kurekodi upya haikuwezekana, mume alishasafiri. Nikamgeuza kama kwenye kioo. Macho yakakaa sawa, lakini saa ya ukutani nyuma yake ikaanza kurudi nyuma. Nikaikuza picha mpaka saa ikatoka nje ya fremu. Nikashusha pumzi.

Likabaki la vifungo. Kwenye picha pana mume anainuka kitini, shati limefungwa hadi shingoni. Kwenye picha ya karibu, vifungo viwili wazi. Nilikuwa nimekata baada ya yeye kusimama wima na kutulia, na jicho lisilo na kazi huanza kukagua nguo za watu. Nikasogeza mkato hadi katikati ya kuinuka: makalio yameachana na kiti, mgongo bado umepinda, kata, picha ya karibu inaendelea pale pale uso unapopanda. Jicho likaufuata mwendo, vifungo vikasahaulika.

Ila nilisikia kwamba inafaa kurudia mwendo kidogo baada ya mkato, maana jicho huchelewa kuizoea picha mpya. Kidogo ni fremu mbili, tatu. Mimi nikarudia 12, na filamu yangu ina fremu 25 kwa sekunde, yaani karibu nusu sekunde nzima. Bwana akainuka, akashuka, akainuka tena, kama mtu aliyekalia msumari. Nikapunguza hadi mbili, akasimama kiungwana.

Mara hii nikamwalika na mama mzazi wa yule aliyeigiza mume. Shangazi alitazama hadi mwisho, akamhurumia mke, hakumtafuta mtu wa tatu. Nikavimba kichwa. Mama akasogea karibu na skrini, akaweka kidole kwenye uso wa mume.

"Huyu mmemtoa wapi? Kidoa cha mwanangu kiko shavu la kushoto."