Amana ndogo na gharama ya usiku katika mikataba ya tofauti ya bei

"Kwa nini nikubali broka wa Ulaya anayedai amana ya asilimia 20 kwenye hisa, wakati broka wa visiwani, aliyesajiliwa mbali na kanuni za Ulaya, ananiruhusu kufungua biashara ileile kwa asilimia 1?"

Mwezi Agosti 2018, mamlaka ya Ulaya ya kusimamia masoko ya mitaji, ESMA, iliwawekea broka wa mikataba ya tofauti ya bei kiwango cha chini cha amana, yaani sehemu ya thamani ya biashara ambayo mteja mdogo huiweka kama dhamana: asilimia 20 kwa hisa za kampuni moja moja, asilimia 5 kwa dhahabu na fahirisi kubwa za hisa, na takriban asilimia 3.3 kwa jozi kuu za sarafu. Tangu hapo wengi wameuliza swali hilo la juu, wakilalamika kwamba mwenye kipato kidogo amefungiwa mlango ulioachwa wazi kwa wenye fedha. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanapima bei ya mkataba kwa kuangalia amana, na amana siyo bei yake.

Katika mkataba wa tofauti ya bei, unaoandikwa CFD kwenye skrini, hakuna hisa inayobadilisha mkono. Mteja na broka wanakubaliana kulipana tofauti kati ya bei ya kufungua na bei ya kufunga. Broka huchukua bei ya soko lenyewe na kuongeza pengo lake kati ya kununua na kuuza. Kampuni ikitoa gawio, aliyenunua huongezewa kiasi hicho kwenye akaunti na aliyeuza, yaani anayetegemea bei ishuke, hukatwa. Kwa broka anayesimamiwa vizuri bei hufuata soko kwa uaminifu, na yeyote anaweza kuilinganisha na ile ya soko la hisa. Kwa hiyo wanaotafuta ulaghai kwenye bei mara nyingi wanatafuta mahali ambapo haupo. Panapostahili kutazamwa ni kwenye makato ya kila usiku.

Tuseme mtu amenunua mikataba ya hisa 1,000 za kampuni ya London kwa pauni 10 kila moja. Thamani ya biashara ni pauni 10,000, na amana ya asilimia 20 ni pauni 2,000. Broka humchukulia kama aliyekopeshwa thamani yote, na humtoza kiwango cha riba cha usiku cha soko la London, SONIA, pamoja na nyongeza yake. Tukichukua SONIA ya asilimia 4 na nyongeza ya asilimia 3, ni asilimia 7 kwa mwaka, ambayo ikigawanywa kwa siku 365 inakuwa pauni 1.92 kila usiku, wikiendi ikiwamo. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa mwaka ni pauni 700, yaani asilimia 35 ya fedha alizoweka. Riba inahesabiwa juu ya 10,000, ilhali fedha zinazoilipa ni zile 2,000.

Makato hayo pia huisogeza karibu bei ambayo biashara itafungwa kwa nguvu. Chini ya kanuni za Ulaya broka hufunga biashara pale fedha za akaunti zinapofika nusu ya amana inayotakiwa. Kama mtu huyu hana akiba nyingine katika akaunti, na amana inahesabiwa kwa bei ya mwanzo, atafungiwa hisa ikishuka hadi pauni 9. Baada ya usiku 90 makato yamefika takriban pauni 173, na sasa atafungiwa ikishuka hadi kama pauni 9.17. Hakufanya uamuzi wowote mpya, na huenda hisa haijatikisika hata kidogo, lakini nafasi yake ya kuvumilia mshuko imepungua kutoka asilimia 10 hadi 8.3.

Mtetezi wa mikataba hii anayo majibu, na mengine yana uzito. Anayefungua na kufunga siku hiyohiyo halipi gharama ya usiku. Mwenye hisa asiyetaka kuziuza anaweza kuuza mkataba wenye thamani hiyohiyo ili ajikinge kwa wiki ngumu. Uingereza hutoza ushuru wa stempu wa asilimia 0.5 kwa anayenunua hisa zenyewe, na mkataba hauguswi na ushuru huo: pauni 50 katika mfano wetu, sawa na makato ya usiku kama 26. Tena, anasema mtetezi, mteja amebaki na pauni 8,000 ambazo angezifunga katika hisa, na anaweza kuziweka mahali pa kumzalishia riba. Hoja hiyo ni sahihi kabisa kwa mtu mwenye pauni 8,000.

Ila mtu anayevutwa na amana ya asilimia 1 kwa kawaida hana fedha hizo. Pauni 2,000 ndizo zote alizo nazo, na kwa amana hiyo anaweza kufungua biashara ya pauni 200,000. Gharama ya usiku inakuwa pauni 38.36. Bei ikibaki palepale, bila kushuka hata senti, kufikia usiku wa 53 makato yatakuwa yameimaliza amana yote, na bei ikishuka asilimia moja imeisha siku hiyohiyo. Ni kweli kwamba hakuna anayemlazimisha kufungua biashara kubwa kiasi hicho. Lakini ESMA ilipoweka kanuni hizo ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo zilikuwa zinapoteza fedha. Nimeitafakari takwimu hiyo mara nyingi, na siioni kama ushahidi kwamba watu hawa hawajui kusoma soko. Mwenye kubahatisha mwelekeo bila gharama yoyote angepatia karibu nusu ya mara. Pengo la bei na riba ya usiku, vyote viwili, hukua pamoja na ukubwa wa biashara. Kwa hiyo aliyekuza biashara mara mia amekuza na gharama mara mia, na mshuko mdogo humtoa sokoni kabla bei haijarudi.

Tena kuna hatari ambayo hesabu ya usiku haiigusi. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro, na yuro ikaanguka hadi chini ya faranga moja katika dakika chache. Amri za kufunga biashara zenyewe bei ikifika kiwango fulani, zilizowekwa karibu na 1.20, zilitekelezwa chini sana, kwa sababu hapakuwa na mnunuzi katikati. Tawi la Uingereza la broka Alpari lilifilisika, na wateja wa broka mwingine, FXCM, wakajikuta wanadaiwa takriban dola milioni 225 kwa jumla. Kanuni za Ulaya zilizoanza 2018 zinakataza mteja mdogo kudaiwa zaidi ya alichoweka. Anayemkimbilia broka wa visiwani kwa ajili ya ile asilimia 1 anauacha ulinzi huo nyuma.

Hata hivyo ukomo wa Ulaya haujaitibu gharama ya usiku. Asilimia 35 kwa mwaka bado ni mzigo mkubwa. Katika MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hizi, mteja anaweza kuiona kwa kufungua `Specification` ya bidhaa na kusoma `Swap long`, yaani makato ya usiku kwa aliyenunua, `Swap short` kwa aliyeuza, na siku ambayo makato ya usiku tatu hutozwa kwa pamoja. Wanaotumia akaunti zisizo na swap kwa sababu za dini wasome pia ada ya usimamizi, ambayo broka wengi huanza kuitoza baada ya usiku kadhaa. Broka wa Ulaya tayari wanalazimika kutangaza ni asilimia ngapi ya wateja wao wanapoteza. Ningependa kando ya namba hiyo iandikwe nyingine: gharama ya usiku 30 ikiwa sehemu ya amana, ambayo katika mfano wetu wa kwanza ni karibu asilimia 3, na katika ule wa pili ni zaidi ya asilimia 57.